Kuachwa na Gari Usingizini: Ndoto ya Kuchelewa na Hofu ya Nafasi Inayopita

Mhadhara uliotolewa mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi

 

Nianze kwa kusema nilichokuja kufanya. Nataka tuitazame ndoto moja tu, ile ya kuachwa na gari. Kwa mmoja ni basi la mikoani, kwa mwingine treni, kwa mwingine ndege. Nataka tuulize imetengenezwaje, huja saa ngapi, humjia nani, na inapojirudia miaka nenda rudi inadai nini. Sikuja kutabiri safari ya mtu. Najua wapo humu wanaoamka na ndoto hii wakasita kupanda gari siku hiyo. Masheikh wetu wa pwani wamefundisha siku zote kwamba ndoto ni za aina tatu: njema itokayo kwa Mwenyezi Mungu, ya kutisha itokayo kwa shetani, na ile ambayo nafsi inazungumza yenyewe kuhusu yanayoishughulisha. Mimi nitabaki katika hiyo ya tatu. Zile mbili nawaachia wenye elimu yake.

Msimamo wangu ni huu: ndoto ya kuachwa na gari haisemi kwamba nafasi imepotea. Inasema kwamba mwotaji bado anaihesabu nafasi hiyo kuwa iko karibu, na kwamba kuna saa isiyo yake inayoiendesha. Nitaueleza kwa hoja nne.

Hoja ya kwanza: ndoto hii imejengwa juu ya "kidogo tu"

Hebu nyosheni mikono: nani humu amewahi kuota ameachwa na gari, au amefika mahali amechelewa? Naona mikono mingi, na sishangai. Mwaka 2003 watafiti wa Kanada wakiongozwa na Tore Nielsen walichapisha majibu ya wanafunzi 1,181 wa mwaka wa kwanza wa vyuo vikuu walioulizwa ni ndoto zipi za kawaida wamewahi kuota. Kuchelewa, kwa mfano kukosa treni, ilitajwa na karibu 60 katika kila 100. Ilikuwa miongoni mwa zinazoongoza, pamoja na kukimbizwa na kuanguka.

Lakini wingi si jambo la ajabu kuliko yote. Tazameni umbo lake. Katika ndoto hii gari haliharibiki, wala safari haifutwi. Gari ni zima, dereva yuko kwenye usukani, abiria wamekaa, konda anapiga mbao za mlango. Tiketi unayo. Kinachokosekana ni dakika chache, na dakika hizo zinaliwa na mambo madogo madogo: zipu ya begi haifungi, kiatu kimoja hakionekani, ngazi hazina mwisho, miguu mizito kama imekwama matopeni. Unafika stendi, unaliona basi likipinda kutoka langoni. Mara nyingi unaliona. Ni nadra mtu kuota amefika siku ya pili yake, akaambiwa gari liliondoka jana.

Kwa nini akili iijenge ndoto namna hiyo? Jibu zuri kuliko yote ninayoyajua halikutoka kwa watafiti wa ndoto. Mwaka 1982 Daniel Kahneman na Amos Tversky, wataalamu wa saikolojia ya maamuzi, waliandika kisa cha abiria wawili wa kubuni, Bwana Crane na Bwana Tees. Ndege zao ni tofauti lakini zinapaswa kuondoka saa ileile. Wanatoka mjini ndani ya gari moja, wanakwama kwenye foleni moja, wanafika uwanjani nusu saa baada ya muda wa kuondoka. Crane anaambiwa ndege yake iliondoka kwa wakati. Tees anaambiwa yake ilichelewa, imeruka dakika tano tu zilizopita. Watu wakaulizwa: nani ataumia zaidi? Katika kila 100 waliojibu, 96 walisema Tees.

Fikirini vizuri. Hasara ya wawili hawa ni ileile. Wote wamekosa safari, na wote walitumia nusu saa nzima ndani ya gari wakijua kwamba wameshachelewa. Tofauti yao ni kwamba Tees anaweza kuiona kwa urahisi ile safari aliyoikosa. Laiti dereva angepita njia nyingine, laiti taa mbili za barabarani zingekuwa za kijani, angekuwa hewani. Crane hata akijaribu, hana pa kuzitoa dakika thelathini. Kahneman na Tversky walieleza kuwa uchungu wa kukosa hupimwa na wepesi wa kuliwaza lile ambalo nusura litokee.

Sasa rudini kwenye ndoto. Akili inapolala haina sababu ya kututengenezea mkasa wa Crane, maana mkasa huo hauumi sana. Inatengeneza mkasa wa Tees kila mara. Inaliweka basi mbele ya macho, inatupa tiketi mkononi, kisha inatunyima hatua ishirini za mwisho. Ndiyo maana nasema ndoto hii ni ya nafasi iliyo karibu. Mtu ambaye hajawahi hata kuwaza kusomea urubani haoti ameachwa na ndege ya kwenda chuo cha urubani.

Na kwa nini iwe basi, treni au ndege, isiwe shamba au duka? Kwa sababu vyombo hivi huondoka kwa saa ya mwingine. Shamba ukichelewa kulipalilia litakuwepo kesho, japo na majani. Ndege haijui jina lako. Jambo hili si geni kwetu. Babu zetu wa Lamu, Mombasa na Unguja walisafiri kwa majahazi yaliyofuata pepo: kaskazi iliyaleta kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikayarudisha. Aliyeachwa na jahazi la kusi hakungoja saa mbili. Alingoja msimu ugeuke na kurudi tena. Leo saa imechukua nafasi ya upepo. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro mwaka 2024, na kufika Dodoma mwaka huohuo, huondoka kwa ratiba, uwepo au usiwepo. Nafasi za maisha yetu nazo zimejengwa hivyohivyo. Dirisha la maombi ya chuo hufungwa tarehe fulani, ajira hutangazwa kwa siku kadhaa, umri wa kujiunga na mafunzo una kikomo. Akili inapotafuta picha ya vitu hivyo vyote, stendi iko tayari.

Hoja ya pili: huja alfajiri kwa sababu mwili wenyewe unaangalia saa

Wengi mtanikubalia kwamba ndoto hii hupenda kuja usiku wa kuamkia safari, tena karibu na kucha. Hapa hatuhitaji siri yoyote, maana maumbile ya usingizi yanatosha kueleza.

Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walitangaza kuwa kuna vipindi vya usingizi ambavyo macho hukimbia huku na huku chini ya kope, na kwamba mtu akiamshwa katika vipindi hivyo mara nyingi husema alikuwa anaota. Tuviite usingizi wa ndoto. Usiku huenda kwa mizunguko ya kama dakika 90, na kila mzunguko una kipindi chake cha usingizi wa ndoto. Cha kwanza ni kifupi, pengine dakika kumi. Kadiri usiku unavyosogea ndivyo vipindi hivyo vinavyorefuka, hata cha alfajiri kinaweza kufika nusu saa au kupita. Katika vipindi hivyo misuli mikubwa ya mwili hulegea kabisa, mtu asije akainuka akatenda anayoyaota. Wapo wanaodhani kuwa ile hali ya kukimbilia basi huku miguu haitii amri inatokana na huko kulegea. Dhana hiyo inaingia akilini, ingawa haijathibitishwa.

Chukueni mtu mwenye basi la saa 12 asubuhi. Kwa miaka mingi mabasi yetu ya mikoani yaliondoka alfajiri kwa pamoja, kwa kuwa safari za usiku zilikuwa zimepigwa marufuku, hadi ruhusa ilipotolewa tena mwaka 2023. Basi, msafiri huyu analala saa 4 usiku, ameweka simu imwamshe saa 10. Anaamshwa katika sehemu ya usiku ambayo usingizi wa ndoto umeanza kurefuka. Kama hakuiamini simu, huenda ameshaamka mara kadhaa kuichungulia, na kila alipoamka alikuta ndoto bado ni mbichi. Ndoto tunayoikumbuka ni ile tuliyoamka ndani yake. Kwa hiyo usiku wa safari si lazima tuote zaidi. Ila tunakamata nyingi zaidi.

Kuna jambo jingine lililonivutia sana. Mwaka 1999 Jan Born na wenzake, wakifanya kazi Lübeck nchini Ujerumani, walichapisha jaribio dogo la watu 15. Usiku fulani waliambiwa wataamshwa saa 12 asubuhi, usiku mwingine waliambiwa saa 3. Damu yao ilipimwa wakiwa usingizini. Walipojua ni saa 12, homoni moja inayouandaa mwili kukabili msukosuko ilianza kupanda kiasi cha saa moja kabla ya muda huo. Walipodhani ni saa 3, kisha wakaamshwa ghafla saa 12, upandaji huo wa mapema haukuonekana. Maana yake aliyelala hakuwa ameiacha saa yake mezani. Alilala nayo.

Kwa hiyo mzazi akiniuliza, "Mwanangu ameota ameachwa na basi usiku wa kuamkia safari, ahirishe?" jibu langu ni hapana. Mwili umepewa kazi ya kungoja saa, na umeifanya. Ndoto ni kelele ya kazi hiyo.

Hoja ya tatu: humjia anayejali, na haimharibii

Sasa niseme na nyinyi wanafunzi, kwa kuwa mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba na najua hofu iliyopo. Je, anayeota amechelewa ndiye atakayeshindwa?

Swali hili ni la zamani. Sigmund Freud, daktari wa Vienna ambaye kitabu chake cha tafsiri ya ndoto kilitoka mwishoni mwa 1899 kikiwa na tarehe ya 1900, aliziweka ndoto za kukosa treni karibu na ndoto za mtihani. Kuhusu mtihani alieleza jambo alilolisikia kwa mwenzake Wilhelm Stekel: kwamba watu huota kushindwa mitihani waliyofaulu. Yeye mwenyewe aliota mara nyingi akitahiniwa botania, zuolojia na kemia, lakini tiba ya mahakama, somo ambalo kweli alilishindwa, halikumjia ndotoni. Akaona ndoto hiyo ni faraja iliyovaa nguo ya hofu, kana kwamba inasema: uliogopa vilevile siku ile, na ukavuka. Kuhusu treni alikwenda mbali zaidi. Alisema kuondoka ni ishara ya kufa, hivyo kukosa treni ni kuambiwa kwamba hutakufa.

Hilo la pili siwezi kuwauzia. Hakuna namna ya kulipima. Likikubaliwa litakuwa kweli kwa kila ndoto, hata ile ya mtu aliyeota saa chache kabla ya basi la Iringa. Lakini lile la kwanza, kwamba ndoto ya kushindwa haifuatani na kushindwa, limepimwa.

Mwaka 2014 Isabelle Arnulf na wenzake wa Paris walichapisha utafiti juu ya wanafunzi waliofanya mtihani wa ushindani wa kuingia masomo ya udaktari. Ni mtihani mkali. Anayefaulu ni yule aliyewapita wenzake, na viti vinahesabika. Baada ya mtihani wanafunzi waliombwa kueleza walichoota usiku wa kuamkia siku hiyo na katika muhula mzima. Walijibu 719. Sita katika kila kumi waliota mtihani usiku ule. Katika ndoto hizo, 78 kwa kila 100 zilikuwa na balaa ndani yake, na balaa zilizotia fora zilikuwa mbili: kuchelewa kufika na kusahau majibu. Kisha watafiti wakalinganisha na alama. Walioota mtihani usiku ule walifanya vizuri kidogo kuliko wasioota, na walioota mara nyingi katika muhula nao walielekea kupata alama za juu kidogo.

Nalisisitiza neno "kidogo", maana kuna hatari ya kijana kutoka humu akidhani kuota kutamfaulisha. Uhusiano ule ulikuwa mwembamba. Tena waliojibu hawakufika hata theluthi ya watahiniwa wote, na walisimulia kwa kukumbuka. Nao utafiti hauonyeshi kipi kinavuta kipi. Inawezekana kabisa kwamba anayesoma kwa bidii mchana ndiye anayeota mtihani usiku, na kinachompa alama ni ile bidii. Hata hivyo jambo moja limesimama: kuota umechelewa hakukuwa dalili ya kushindwa.

Mtafiti wa Finland, Antti Revonsuo, alipendekeza mwaka 2000 kwamba ndoto za hatari ni mazoezi. Binadamu wa kale aliyekimbizwa na mnyama ndotoni aliamka akiwa mwepesi zaidi wa kukimbia. Nadharia hiyo ina wapinzani, lakini kwa ndoto hii yetu inaendana na lile tunaloliona nyumbani. Anayeamka akihema kwamba ameachwa na basi hufanya nini? Hutafuta tiketi. Huhakikisha begi limefungwa. Huweka kitambulisho mahali pa kuonekana. Walimu, wiki ya mtihani mwanafunzi akikusimulia ndoto ya namna hii, usimcheke na usimtishe. Mwulize: ndotoni ulisahau nini? Akisema kalamu, mwambie aweke kalamu mbili kwenye mkoba. Akisema alipotea njia, mwambie aende akakitazame chumba cha mtihani mapema. Ndoto imempa orodha, aitumie.

Hoja ya nne: inayojirudia kwa miaka inazungumzia lile tusilolifanya

Hadi hapa nimesema juu ya ndoto inayotazama mbele. Ipo nyingine, nayo ndiyo iliyonifanya nikubali mwaliko huu. Ni ya mtu mzima asiye na safari wala mtihani, lakini gari linamwacha mwaka baada ya mwaka.

Thomas Gilovich na Victoria Medvec wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha mwaka 1994 na 1995 tafiti zao juu ya majuto. Waliona kuwa watu wakiulizwa juu ya siku za karibuni, majuto ya waliyotenda na ya waliyoacha kutenda hayapishani sana. Wakiulizwa juu ya maisha yao yote, yanayowaelemea ni yale waliyoacha: shule hawakuimalizia, neno hawakulisema, kazi hawakuiomba. Sababu mojawapo ni kwamba jambo lililotendwa lina mwisho. Tunaliomba msamaha, tunalirekebisha, tunajifunza kwalo. Lisilotendwa halina mwisho, na kila mwaka tunaweza kulipamba upya. Wazee wamesema majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu hukua.

Nitasimulia kisa kimoja kwa ruhusa ya mwenyewe. Ni mwalimu wa sekondari, mama wa makamo. Alipokuwa kijana alichaguliwa kwenda kusoma shahada mji mwingine, lakini baba yake akaugua na yeye ndiye aliyekuwa mkubwa nyumbani. Akabaki. Hakumlaumu mtu, na mpaka leo anasema angebaki tena. Ila ndoto ilianza, na haikukoma.

Katika ndoto yuko stendi, tiketi anayo. Konda anataja namba ya kiti chake kwa sauti. Anataka kupanda, anakumbuka ameacha madaftari ya wanafunzi kwenye benchi, ambayo hayajasahihishwa. Anarudi kuyachukua. Anayainua, rundo linaongezeka. Anayapanga upya, linaongezeka tena. Basi linaanza kutambaa, na kupitia dirishani anakiona kiti chake kitupu. Hapo huamka.

Alikuwa ameamini miaka yote kwamba ndoto ni ya lile basi la ujanani. Nilimwomba afanye jambo dogo: aweke daftari kando ya kitanda, kila akiota aandike ndoto kabla hajainuka, na chini yake aandike yaliyotokea mchana wa jana. Utaratibu huu una msingi. Calvin Hall, Mmarekani aliyekusanya maelfu ya ndoto, na waliomfuata, walionyesha kuwa ndoto nyingi zinaendeleza shughuli na wasiwasi wa maisha ya mchana. Baada ya wiki kadhaa tukakaa na daftari. Baba hakuonekana ndani yake hata mara moja. Kilichoonekana chini ya ndoto zile ni mambo ya shuleni: mwenzake kaaga kwenda masomoni, tangazo la masomo ya jioni limebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya walimu, mkuu wa shule kauliza nani anataka kujiendeleza. Na fomu ya masomo hayo? Ilikuwa kwenye droo ya meza yake, imejazwa nusu. Alipoulizwa kwa nini hakuimalizia alijibu bila kufikiri: "Kazi ni nyingi, madaftari hayaishi."

Mnaona wenyewe. Basi la zamani lilishaondoka, na moyo wake ulishalisamehe. Lililokuwa likimwacha kila mara ni basi la mwaka huu, na madaftari yale hayakuwa fumbo hata kidogo. Aliimalizia fomu. Ndoto haikukatika siku hiyohiyo. Iliendelea kumjia kwa kitambo, ikipungua taratibu.

Kutokana na kisa hiki na vingine, nawapa maswali matatu ya kujiuliza. La kwanza: ni nini hasa kilikuchelewesha ndotoni? La pili: nani alikuwa tayari ndani ya gari? La tatu: mchana wa kabla yake kulitokea nini? Swali la tatu ndilo zito kuliko yote, na halijibiki kwa ndoto moja. Linahitaji kadhaa zilizoandikwa. Wala msitengeneze kamusi. Madaftari kwa mama yule yalikuwa madaftari. Begi zito kwa mmoja linaweza kuwa deni, kwa mwingine ni begi tu alilobeba jana akaumia bega. Mkikutana na kitabu kinachosema treni daima ni hiki na ndege daima ni kile, kifungeni.

Niongeze onyo moja. Yupo aliyenusurika ajali ya barabarani, akawa anaota basi kila usiku, anaamka akipiga kelele, mchana anaogopa hata kupita stendi. Huyo hana ndoto ya nafasi iliyopotea. Ana jeraha, na apelekwe hospitali kwa wahudumu wa afya ya akili. Tiba ipo. Barry Krakow na wenzake walionyesha mwaka 2001, kwa wanawake 168 waliokuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono, kwamba kuiandika upya ndoto mbaya kwa namna mtu anavyotaka iende, kisha kuipitia akilini kwa dakika chache kila siku, kulipunguza majinamizi na kuboresha usingizi. Kwa majeraha makubwa hayo hufanywa pamoja na mtaalamu, si peke yako.

Kutoka hapa twende wapi

Ndugu Mwenyekiti, namalizia. Nimesema ndoto hii imejengwa kwa kipimo cha karibu, kwamba saa ya mwili huileta alfajiri, kwamba anayejali ndiye anayeiota na haimzuii kufaulu, na kwamba ikijirudia kwa miaka inafaa kuulizwa juu ya leo kuliko juu ya jana. Mambo haya manne yanaelekea mahali pamoja. Hofu ya nafasi iliyopotea ina faida pale tu tunapotenganisha nafasi iliyokwisha na ile ambayo bado iko wazi. Ndoto haiwezi kututenganishia. Mchana ndio wakati wa kazi hiyo.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Walimu wa ushauri nasaha, kuanzia muhula ujao tengeni kipindi kimoja kabla ya mitihani, wanafunzi wasimulie ndoto zao za kuchelewa kwa hiari, na kila mmoja atoke na jambo moja la kuandaa. Ni kipindi cha dakika arobaini, hakina gharama. Na nyinyi wazazi na wafanyakazi ambao gari limekuwa likiwaacha kwa miaka, wekeni daftari kando ya kitanda kwa mwezi mmoja. Mwezi ukiisha, tafuteni mstari unaojirudia chini ya ndoto, kisha ulizeni: je, tarehe ya mwisho ya jambo hili imepita, au bado? Ikiwa imepita, lizungumzeni na mtu mnayemwamini, mliage. Ikiwa bado, nendeni mkaulize fomu zinapokelewa hadi lini. Nimezungumza na Mwenyekiti, naye amekubali tukutane tena ukumbini humu baada ya mitihani tuyasome madaftari hayo kwa pamoja, kwa watakaoridhia. Nina hakika tutajifunza kutoka kwenu mambo ambayo watafiti wa Kanada na Paris hawakuyauliza.